Matangazo mawili, mshindi yupi? Namna ya kujua kama takwimu zako zinatosha kuamua

Wafanyabiashara wengi wa Tanga wanaouza kwa njia ya mtandao wameshazoea kulipia matangazo, au kusponsa kama inavyosemwa mtaani. Baadhi yao wamepiga hatua zaidi. Badala ya kutegemea tangazo moja wanatengeneza mawili, wanayarusha kwa wakati mmoja, kisha wanaangalia lipi limeleta wateja wengi. Baada ya siku tatu au nne mmoja anaonekana ametangulia, na hapo uamuzi unafanyika: hili libaki, lile liondoke.

Katika makala haya tunaeleza jambo moja tu ndani ya zoezi hilo. Utajuaje kwamba tangazo lililotangulia limetangulia kweli, na si bahati ya siku hizo chache? Hesabu yake si ngumu. Inahitaji kikokotoo cha kwenye simu chenye alama ya kipeuo cha pili, pamoja na uvumilivu wa kutotangaza mshindi kabla ya wakati.

Mfano wa duka la madera

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mama mwenye duka la madera Ngamiani. Ana picha mbili za dera lilelile. Picha ya kwanza, tuiite A, inaonyesha dera limetundikwa kwenye hanga. Picha ya pili, tuiite B, inaonyesha dera hilohilo limevaliwa na mwanamke. Maneno ni yaleyale, bei ni ileile, na kitufe ni kilekile cha kumpeleka mteja WhatsApp. Kilichotofautiana ni picha peke yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Angebadilisha picha na bei kwa pamoja, asingeweza kujua kilichowavuta wateja ni kipi.

Ametumia shilingi 60,000. Kila tangazo limewafikia watu 1,200. Tangazo A limeleta watu 30 waliomwandikia. Tangazo B limeleta watu 42. Kwa kila watu 100 waliofikiwa, A imeleta wawili na nusu na B imeleta watatu na nusu.

Ukiitazama kwa jicho la biashara, B imeishinda A kwa asilimia 40. Mama huyu anafikiria kumwajiri mpiga picha na mwanamitindo ili madera yote ya dukani yapigwe picha yakiwa yamevaliwa. Kazi hiyo itamgharimu shilingi 400,000. Swali lake ni halali kabisa: je, hao watu 12 wa ziada wanatosha kumfanya atoe fedha hizo?

Shilingi inayorushwa juu

Ili kujibu, tuanze kwa kudhani kinyume cha anachoamini. Tuseme picha hizi mbili zina nguvu sawasawa, na hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Watu 72 wamemwandikia kwa jumla. Kama picha ni sawa na zimefikia idadi sawa ya watu, basi kila mmoja wa hao 72 angeweza kutoka upande wowote, kama kurusha sarafu ya shilingi: kichwa amekuja kwa A, mwenge amekuja kwa B.

Ukirusha sarafu mara 72, hutapata 36 kwa 36 kila mara. Mara nyingine utapata 33 kwa 39, mara nyingine 40 kwa 32. Mtikisiko huo ni wa kawaida, na ukubwa wake unajulikana. Kwa matangazo yaliyofikia watu sawa, mtikisiko wa kawaida wa tofauti kati ya pande mbili ni kipeuo cha pili cha jumla ya watu waliojibu. Bahati peke yake huivusha tofauti zaidi ya mara mbili ya kipimo hicho takriban mara 5 tu kati ya 100. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: tofauti ya A na B ni lazima izidi kipeuo cha jumla mara mbili, ndipo tuseme takwimu zinatosha.

Kwa duka letu la madera hesabu inakwenda hivi:

```
42 - 30 = 12
√(42 + 30) = √72 = 8.5
2 × 8.5 = 17
```

Tofauti ni 12, na kizingiti ni 17. Haijafika. Picha mbili zenye nguvu sawa kabisa zingeweza kutoa tofauti ya watu 12 au zaidi takriban mara moja katika kila mara tano au sita, bila sababu yoyote ila bahati. Mtu asiyetaka kuhatarisha 400,000 hawezi kuegemea hapo.

Ni muhimu kuelewa matokeo haya yanasema nini na hayasemi nini. Hayasemi kwamba picha ni sawa. Hayasemi kwamba B si bora. Yanasema kwamba watu hawa 72 hawatoshi kutofautisha picha bora na picha yenye bahati. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba tofauti isipofika kizingiti imethibitika kuwa haipo. Mizani ya sokoni ya kupimia magunia haiwezi kukuonyesha tofauti ya gramu tano, lakini hilo halina maana kwamba gramu tano hazipo.

Kabla ya kurusha: watu wangapi watatosha?

Kosa la msingi katika mfano huu lilifanyika kabla ya tangazo kurushwa. Hakuna aliyeuliza idadi ya watu inayohitajika. Swali hilo linajibika mapema, kwa makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa takwimu. Unahitaji vitu viwili: wastani wa watu wanaojibu, na tofauti ndogo kabisa ambayo ingekufanya ubadili uamuzi wako.

Mama wa madera anajua kutokana na matangazo ya zamani kwamba kati ya watu 100 waliofikiwa, takriban wawili na nusu humwandikia. Anaona kwamba picha mpya itamlipa endapo itawafikisha watatu na nusu. Wastani wa hizo mbili ni 3 kwa 100, yaani 0.03. Tofauti ni 1 kwa 100, yaani 0.01. Kanuni inasema zidisha 16 kwa wastani, zidisha kwa kile kinachobaki hadi kufika 1, kisha gawanya kwa tofauti mara mbili mfululizo:

```
16 × 0.03 × 0.97 ÷ 0.01 ÷ 0.01 = 4,656
```

Anahitaji watu wapatao 4,700 kwa kila tangazo, yaani 9,400 kwa yote mawili. Yeye amefikia 2,400 tu. Ile 16 iliyo mwanzoni imewekwa ili kumpa nafasi ya mara 4 kati ya 5 ya kuinasa tofauti hiyo, iwapo ipo kweli. Kwa watu 1,200 kila upande, nafasi yake ilikuwa takriban mara 3 kati ya 10. Maana yake ni kwamba hata kama picha B ni bora kama anavyoamini, jaribio lake lilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumwacha gizani kuliko wa kumpa jibu.

Sasa igeuze hesabu iwe fedha. Alitumia shilingi 60,000 kufikia watu 2,400, sawa na shilingi 25 kwa mtu mmoja. Watu 7,000 waliobaki watamgharimu shilingi 175,000. Hiyo ndiyo bei ya kujua. Ailinganishe na 400,000 za mpiga picha, na aamue kama inafaa. Tukumbuke kwamba hizo 175,000 hazipotei, kwa kuwa matangazo hayo yanaendelea kuuza madera wakati jaribio likiendelea.

Tofauti ndogo ni ghali

Kanuni hiyo ina tabia moja inayowashangaza wengi. Tofauti unayoitafuta ikipungua nusu, idadi ya watu haiongezeki mara mbili bali mara nne.

Kama mama wa madera angekuwa anatafuta picha itakayoongeza wateja maradufu, kutoka wawili na nusu hadi watano kwa 100, angehitaji watu wapatao 930 tu kila upande. Wale 1,200 wake wangemtosha na kubaki. Lakini kama angetaka kujua kama kubadilisha rangi ya maandishi kunaongeza wateja kutoka 2.5 hadi 2.75 kwa 100, angehitaji watu wapatao 65,000 kila upande, yaani 130,000 kwa jumla. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiofika laki nne katika Jiji zima la Tanga, watoto wachanga wakiwemo. Ukiondoa watoto, wasiotumia mitandao, na wasiovaa madera, jaribio hilo halifanyiki mjini hapa hata ukiwa na fedha.

Funzo lake ni la moja kwa moja. Mwenye bajeti ndogo na soko dogo asijaribu vitu vidogo. Asipoteze fedha kulinganisha rangi ya kitufe au alama ya mshangao mwishoni mwa sentensi. Alinganishe vitu vinavyoweza kuleta tofauti kubwa: dera lililovaliwa na lililotundikwa, bei iliyoandikwa na bei ya kuulizia, kumpelekea mteja mzigo hadi Pangani au Muheza na kumtaka aje dukani.

Kuchungulia kila asubuhi

Tuseme sasa mama wa madera amekubali kuongeza fedha. Jaribio linaendelea. Kila asubuhi anafungua simu, anapiga hesabu yetu ya kipeuo, na amejiambia kwamba siku tofauti itakapozidi kizingiti atasimamisha na kutangaza mshindi. Inaonekana ni busara. Kwa kweli ni mtego.

Kizingiti cha kipeuo mara mbili kimewekwa kwa mtu anayeangalia mara moja tu, mwishoni. Ukiangalia mara moja, picha mbili zilizo sawa zitakudanganya mara 5 kati ya 100. Lakini ukiangalia mara tano kwa vipindi sawa na kusimama popote tofauti inapovuka, zitakudanganya takriban mara 14 kati ya 100. Ukiangalia mara kumi, ni takriban mara 19. Hesabu hizi zilichapishwa mwaka 1969 na mtakwimu Peter Armitage wa Uingereza na wenzake, waliokuwa wakishughulikia majaribio ya dawa, ambako daktari naye hutamani kuchungulia ili aone kama wagonjwa wanapona.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Tofauti inapanda na kushuka kama maji ya bahari ya Raskazone. Ukipima kina mara moja kwa wakati uliopangwa utapata kipimo cha haki. Ukisubiri wimbi lolote lifike kwenye alama yako kisha upige kelele kwamba maji yamejaa, mwishowe litafika tu.

Tiba ni kuandika idadi kabla ya kuanza, mahali utakapoiona: watu 4,700 kila upande, hesabu inapigwa siku hiyo. Unaruhusiwa kuangalia kila siku kama tangazo linafanya kazi, kama namba ya WhatsApp ni sahihi, kama fedha hazijaisha. Usichoruhusiwa ni kutangaza mshindi. Na kama kwa sababu nzito ni lazima uweze kusimamisha mapema, tumia kizingiti kikali zaidi: usisimamishe mpaka tofauti izidi kipeuo mara tatu, si mara mbili. Njia hiyo nayo hutumika katika majaribio ya dawa.

Turudi dukani. Tuseme idadi imefika 4,800 kila upande, na matokeo ni A watu 120, B watu 168. Tofauti ni 48. Jumla ni 288, kipeuo chake ni 17, mara mbili ni 34. Tofauti ya 48 imevuka. Hapo anaweza kusema B imeshinda, na mpiga picha aitwe. Lakini ingewezekana pia matokeo yawe A 128 na B 150. Tofauti ni 22, kizingiti ni 33, haijavuka. B bado iko mbele, lakini ile asilimia 40 ya mwanzo imeshuka hadi 17. Ndivyo inavyotokea mara nyingi: uongozi mkubwa wa siku za kwanza unapungua watu wanapoongezeka, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa bahati.

Kama matangazo hayakufikia watu sawa

Kanuni ya kipeuo inataka pande mbili ziwe zimefikia idadi sawa au karibu sawa ya watu. Zisipokuwa sawa, tunahitaji hatua moja zaidi. Tuseme A imefikia watu 2,000 na kuleta 50, na B imefikia 1,000 na kuleta 35. Waliofikiwa na B ni theluthi moja ya wote. Kwa hiyo, kama picha ni sawa, B ilistahili theluthi moja ya wale 85 waliojibu, yaani takriban 28. Imepata 35, ziada ya 7. Mtikisiko wa kawaida tunaupata hivi:

```
√(85 × 1/3 × 2/3) = √18.9 = 4.35
2 × 4.35 = 8.7
```

Ziada ya 7 haijafika 8.7. Takwimu hazitoshi bado, ingawa B ina watatu na nusu kwa 100 na A ina wawili na nusu, kama mwanzo.

Namba zipi za kuhesabu

Hesabu nzuri juu ya namba mbaya haisaidii. Kwenye Ads Manager ya Facebook na Instagram kuna safu mbili zinazochanganywa sana. Impressions ni idadi ya mara ambazo tangazo limeonekana, na mtu mmoja akiliona mara nne zinahesabiwa nne. Reach ni makadirio ya watu waliolifikia, na mtu mmoja ni mmoja. Kwa hesabu yetu tumia Reach. Vivyo hivyo kwa wanaojibu: mteja mmoja aliyeandika meseji tano ni mtu mmoja, na asihesabiwe watano. Mfano wa sarafu unasimama pale tu ambapo kila sarafu ni mtu tofauti.

Pia chagua mapema utahesabu nini: waliobofya, walioandika, au walionunua. Waliobofya ni wengi na hutosha haraka, lakini kubofya si kununua. Picha ya kuvutia inaweza kuleta wabofyaji wengi wanaotaka kuangalia tu. Walionunua ndio unaowataka, lakini ni wachache mno. Kama kati ya wale 72 wa kwanza walinunua 11, wanne kutoka A na saba kutoka B, tofauti ni 3 na kizingiti ni karibu 7. Hapo hakuna cha kusoma. Kwa duka dogo, walioandika ni njia ya kati inayofaa. Kisicho halali ni kuangalia vyote vitatu mwishoni na kuchagua kile ambacho tangazo unalolipenda limeshinda.

Mgawanyo usio wa haki

Kuna jambo ambalo hesabu haiwezi kulirekebisha, nalo ni namna watu walivyogawanywa. Kuchukua machapisho mawili na kuyalipia kila moja kivyake si jaribio. Watu walewale wanaweza kuona yote mawili. Kuyaweka yote mawili ndani ya kundi moja la matangazo nako hakufai, kwa kuwa mfumo huanza mapema kumpa nafasi zaidi yule unaodhani atafanya vizuri, na mwingine anabaki bila watu. Ads Manager ina sehemu iitwayo A/B test inayogawa watu ili anayeona tangazo moja asione la pili. Hiyo ndiyo ya kutumia.

Hata hapo, ndani ya kila upande mfumo bado unatafuta watu unaoona watajibu. Picha ya mwanamke aliyevaa dera inaweza kupelekwa zaidi kwa wanawake wa miaka 25 hadi 34, na ile ya hanga ikapelekwa kwa watu mchanganyiko. Utajua kwa kufungua mchanganuo wa umri na jinsia kwa kila tangazo. Kama makundi yanatofautiana sana, ulichojua ni kwamba B pamoja na watu wake imeshinda A pamoja na watu wake. Kwa kuuza madera hilo linaweza kukutosha. Kwa kusema picha yenyewe ni bora kwa watu wote, halitoshi.

Muda nao una mgawanyo wake. Jaribio liende wiki nzima au wiki mbili kamili, ili Ijumaa na Jumapili ziwemo kwa uwiano wake. Matokeo ya kumi la mwisho la Ramadhani, wakati kila nyumba inatafuta nguo ya Idi, yanasema habari za kumi la mwisho la Ramadhani. Usiyatumie kuamua picha za miezi ya kawaida.

Wasikilizaji wetu wanaotangaza redioni wataona kwamba njia hii haihamishiki moja kwa moja. Masafa ni mamoja, na aliye Chumbageni anasikia tangazo lilelile analosikia wa Mkinga. Hatuwezi kuwagawa. Kurusha tangazo moja wiki hii na jingine wiki ijayo, kila moja na namba yake ya simu, kunakupa fununu, lakini tofauti ya wiki imechanganyika na tofauti ya tangazo.

Mfano kutoka kampeni ya Obama

Jaribio moja linalojulikana sana duniani lilifanywa na kampeni ya Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, kabla ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008. Timu iliyoongozwa na Dan Siroker ilijaribu picha, video na maneno ya kitufe kwenye ukurasa wa kujiandikisha. Mchanganyiko ulikuwa wa aina 24, na jumla ya walioingia ilikuwa watu 310,382, yaani karibu 13,000 kwa kila aina. Ukurasa wa awali uliwaandikisha 8.26 kwa kila 100. Ulioshinda, wenye picha ya familia yake, uliwaandikisha 11.6 kwa kila 100.

Tuipime kwa kipeuo chetu. Kwa watu 13,000, hiyo ni takriban 1,074 dhidi ya 1,508. Tofauti ni 434. Jumla ni 2,582, kipeuo chake ni 51, mara mbili ni 102. Tofauti imezidi kizingiti zaidi ya mara nne, kiasi kwamba hata kulinganisha aina 24 kwa pamoja, jambo linalompa bahati nafasi nyingi zaidi za kudanganya, hakukuweza kuitikisa. Kabla ya jaribio, wengi kwenye kampeni walipenda video. Video zote zilifanya vibaya kuliko picha.

Takwimu zisipotosha

Mama wa madera anaweza kufika mwisho, idadi imetimia, na bado tofauti haijavuka. Hapo uamuzi unategemea gharama. Kama picha zote mbili anazo tayari na kuzitumia ni bei moja, achukue B. Iko mbele, na akikosea hapotezi kitu. Asiseme tu kwamba amethibitisha, na asiitupe A. Lakini kama kuifuata B kunadai shilingi 400,000, basi asizitoe kwa ushahidi huu. Ajaribu kitu kingine chenye tofauti kubwa zaidi, au awapige picha ndugu wawili watatu waliovaa madera kwa simu yake mwenyewe, na jaribio linalofuata lianze kwa kuandika idadi ya watu kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.